Kabla hujapakua Windows 11: soma leptopu yako kwanza, kisha ununue bando

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja dukani kwangu hapa Langoni, Lamu, mwishoni mwa mwaka 2025. Alikuwa ametoka Shela kwa boti, leptopu imefungwa kwa kanga ndani ya mfuko wa plastiki isirukiwe na maji ya chumvi. Alikuwa amesikia kwamba Windows 10 imeachwa mkono tangu tarehe 14 Oktoba 2025, naye hakutaka kubaki nyuma. Usiku tatu mfululizo alinunua bando la usiku na kupakua faili la ISO, yaani faili moja lenye Windows 11 nzima ya kusakinisha, toleo la 24H2, ambalo lina uzito wa zaidi ya GB 5. Alipolifungua na kubofya `setup.exe`, akaandikiwa hivi kwenye skrini: `This PC doesn't currently meet Windows 11 system requirements`.

Akadhani faili limeharibika njiani. Akanunua bando jingine, akalipakua upya. Jibu likawa lile lile.

"Fundi," akaniambia, "mimi nilisoma masharti kabla sijaanza. Waliandika gigahezi moja na RAM ya GB 4. Yangu ina gigahezi mbili nukta sita na RAM ya GB 8. Sasa wanataka nini tena?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Mwalimu alisoma masharti kweli, ila alisoma yale ya juu tu. Masharti ya Windows 11 yamekaa kwa tabaka tatu. Kuna yaliyoandikwa waziwazi kwenye ukurasa wa Microsoft: prosesa ya biti 64 yenye gigahezi 1 na viini 2 au zaidi, RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, UEFI yenye Secure Boot, yaani programu ya kuwashia kompyuta ya mtindo mpya inayokagua kinachowashwa, TPM 2.0, yaani kifaa cha kutunza funguo za siri ndani ya kompyuta, na kadi ya picha inayokubali DirectX 12. Kuna yaliyo nyuma ya kiungo, kwa sababu sentensi ile ile ya prosesa inaendelea kusema kwamba prosesa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa, na orodha yenyewe iko ukurasa mwingine. Halafu kuna yale ambayo hutayaona kabisa kwenye muhtasari ule, lakini kompyuta isipokuwa nayo haiwaki. Kazi yetu ni kuyapitia yote matatu kabla ya kupakua hata baiti moja.

Chukua karatasi, uigawe safu tatu: kinachotakiwa, nilichonacho, na kama kinaweza kubadilishwa. Safu ya tatu ndiyo inayotupa mpangilio wa kazi. RAM huongezwa, nafasi husafishwa, toleo la Windows husasishwa. Prosesa ya leptopu nyingi nyembamba imechomelewa kwenye bodi kuu na haitoki. Basi tunaanza na prosesa, kwa sababu ikikataa yenyewe, hakuna haja ya kuhangaika na mengine.

## Jina kamili la prosesa

Bonyeza `Ctrl`, `Shift` na `Esc` kwa pamoja, fungua `Performance`, kisha `CPU`. Jina la prosesa liko juu kulia. Ukipenda kulipata kwa maandishi unayoweza kunakili, fungua PowerShell uandike:

```
Get-CimInstance Win32_Processor | Select-Object Name, NumberOfCores
```

Usiamini kibandiko kilicho karibu na kibodi. Leptopu nyingi zinazotufikia zimetumika ng'ambo, zikafunguliwa na kuunganishwa upya, na nimewahi kuona kasha lenye kibandiko cha i7 likiwa na bodi ya i5 ndani. Kinachosomwa na Windows kimetoka kwenye prosesa yenyewe.

Kwa mwalimu ilitoka hivi: `Intel(R) Core(TM) i5-7300U CPU @ 2.60GHz`, viini 2. Watu wengi hutazama neno "i5" na ile gigahezi ya mwisho. Vyote viwili havisaidii hapa. Kinachosaidia ni namba baada ya kistari. Katika 7300U, tarakimu ya kwanza ni 7, maana yake ni kizazi cha 7. Kwa prosesa za Intel za familia ya Core, orodha ya Windows 11 inaanza kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kizazi cha 7 zilizoruhusiwa kipekee, na 7300U si miongoni mwake. Kwa upande wa AMD, Ryzen zilizokubaliwa kwa kawaida huanzia mfululizo wa 2000, ingawa namba za AMD zina mitego yake, na ni heri ulitafute jina kamili kwenye orodha.

Nilimwonyesha mwalimu leptopu nyingine iliyokuwa mezani, yenye i5-8350U. Kasi iliyoandikwa kwenye jina lake ni gigahezi 1.70 tu, chini sana ya 2.60 yake, lakini iko kwenye orodha na inapokea Windows 11 bila kinyongo. Ina viini 4 badala ya 2, na ni ya kizazi cha 8. Ile gigahezi kwenye jina ni kasi ya msingi ya prosesa. Haikuambii ina viini vingapi, wala ilitoka mwaka gani, wala inajua amri gani. Mfano unaoshangaza zaidi: Celeron N4000, prosesa dhaifu ya leptopu za bei ya chini, imo kwenye orodha. Core i7-7600U, yenye nguvu kuliko hiyo kwa mbali, haimo. Kwa hiyo usipime kwa heshima ya jina. Tafuta jina lako neno kwa neno, mpaka herufi ya mwisho.

Jihadhari na namba zenye tarakimu nyingi. i5-1035G1 si kizazi cha 1. Ni cha 10. Na Celeron na Pentium hazifuati utaratibu huu wa namba kabisa, hivyo usijaribu kukisia.

## Amri ambazo prosesa inazijua

Hapa ndipo pana jambo ambalo wengi hawaambiwi, nami naliwekea uzito kwa sababu ndilo linalofanya kompyuta igome kuwaka badala ya kutoa ujumbe wa adabu.

Prosesa si kasi tu. Kila moja imezaliwa na msamiati wake wa amri. Prosesa za zamani zinajua kujumlisha, kulinganisha, kuhamisha data na kadhalika. Za baadaye ziliongezewa amri za kufanya kwa pigo moja kazi iliyokuwa ikihitaji mapigo mengi. Makundi ya amri hizo yana majina kama SSE2, SSE4.1, SSE4.2, AVX na AVX2. Mtengenezaji wa programu akiamua kutumia amri ya kundi fulani, programu ile ikifika kwenye prosesa isiyoijua, prosesa haina la kufanya. Haiendi polepole, inasimama. Kama ni programu ya kawaida, itajifunga ghafla mara tu unapoifungua. Kama ni kiini cha Windows chenyewe, kompyuta itajizima na kuwaka tena kabla hujaona chochote, tena na tena.

Kuanzia 24H2, Windows 11 inahitaji amri ya POPCNT na kundi la SSE4.2. POPCNT ni amri ndogo ya kuhesabu biti ngapi ndani ya namba ni 1. Intel ilianza kuziweka zote mbili kwenye prosesa za kizazi cha kwanza cha Core i mwaka 2008. Kwa hiyo leptopu ya Core 2 Duo, ambazo bado zipo nyingi mikononi mwa watu, inaishia SSE4.1. Upande wa AMD kuna mtego: Phenom II inayo POPCNT lakini haina SSE4.2, kwa hiyo aliyesikia habari za POPCNT peke yake anaweza kudhani amepona, na hajapona.

Hili lina maana kubwa kwa wale wanaotumia njia za kuruka masharti. Njia hizo zipo, na watu wa mitaani wanazijua. Zinaweza kuruka ukaguzi wa TPM na wa orodha ya prosesa, kwa kuwa huo ni ukaguzi tu: programu ya kusakinisha inauliza swali, nawe unaizuia isiulize. SSE4.2 si swali. Ni amri ambayo itatekelezwa, na isipokuwepo, hakuna ujanja wa kuileta. Mtu mwenye Windows 11 ya zamani aliyoisakinisha kwa kuruka masharti kwenye Core 2 Duo atakwama hapo. Hawezi kwenda 24H2.

Namna ya kuangalia: pakua Coreinfo, programu ndogo kutoka mkusanyiko wa Sysinternals wa Microsoft wenyewe. Haina uzito wa kukuumiza bando. Ifungue folda yake kwa Command Prompt, uandike:

```
coreinfo64 -f
```

Utaona orodha ndefu. Tafuta mistari miwili tu, kama hii ya leptopu ya mwalimu:

```
SSE4.2    *    Supports Streaming SIMD Extensions 4.2
POPCNT    *    Supports POPCNT instruction
```

Nyota maana yake ipo. Kistari mahali pa nyota maana yake haipo, na kama ni kistari, acha hapo hapo, usipakue. Mwalimu alikuwa na nyota zote mbili. Ndiyo kusema prosesa yake ingeweza kuiendesha 24H2, ila haimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Hizo ni hali mbili tofauti, na ukizichanganya utatoa ushauri mbaya. Ya kwanza ni kutoweza. Ya pili ni kutokubaliwa. Ukiingia kwa mlango wa nyuma katika hali ya pili, kompyuta itafanya kazi, lakini Microsoft wamesema wazi kwamba kompyuta zisizotimiza masharti hazina uhakika wa kupata masasisho, hata yale ya usalama. Kwa mwalimu anayeweka alama za mitihani ya watoto kwenye kompyuta hiyo, mimi sikumshauri.

Tukiwa kwenye vifaa, maliza na TPM. Bonyeza kitufe cha Windows na `R`, andika `tpm.msc`, utazame `Specification Version`. Inatakiwa 2.0. Ukiandikiwa `Compatible TPM cannot be found`, usikate tamaa haraka. Mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ambako Intel huiita `PTT` na AMD huiita `fTPM`. Kisha andika `msinfo32` na usome `BIOS Mode`. Ikisema `Legacy`, usigeuze kwenda `UEFI` kwa pupa: Windows iliyosakinishwa kwa mtindo wa zamani haitawaka mpaka diski yenyewe ibadilishwe kuwa ya mtindo wa GPT. Mpe fundi, na uhifadhi kazi zako kwanza.

## RAM: iliyopo, inayotumika, na inayobaki

Fungua `Settings`, `System`, `About`. Kwenye `Installed RAM` kwa mwalimu paliandikwa `8.00 GB (7.87 GB usable)`. Kile kidogo kilichopungua kimechukuliwa na vifaa, hasa kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa ambayo haina kumbukumbu yake. Sharti hupimwa kwa namba ya kwanza, lakini wewe utaishi na ya pili.

Ukiona tofauti kubwa, mathalan GB 4 zilizowekwa lakini chini ya GB 3.5 ndizo zinazotumika, shuka mistari michache usome `System type`. Pengine pameandikwa `32-bit operating system, x64-based processor`. Maana yake prosesa ni ya biti 64 lakini aliyesakinisha Windows aliweka ya biti 32. Hapo kuna habari mbili. RAM yako haijapotea, ni Windows hiyo isiyoweza kuifikia yote. Na pili, Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo huwezi kupanda ngazi kutoka hapo ukiwa na mafaili yako. Itabidi kusakinisha upya kabisa, na kila kilicho kwenye diski kihifadhiwe kwingine kabla.

GB 4 ni kiwango cha kuwaka. Kwa niliyoyaona dukani, leptopu ya GB 4 yenye Windows 11 ikifunguliwa kivinjari chenye kurasa chache na faili moja la Word, huanza kutumia diski kama RAM, na kama diski ni ya kuzunguka, kila kubofya kunasubiriwa. Kujua kama utateseka, fungua kazi zako za kila siku zote kwa pamoja ukiwa bado kwenye Windows ya sasa, rudi `Performance`, `Memory`, utazame `In use`. Kama tayari inagusa kikomo, ongeza RAM kwanza. Hapo hapo kuna `Slots used`. Ikisema `1 of 2` kuna nafasi ya kuchomeka kipande kingine, ingawa bado inafaa kufungua kifuniko na kuona kwa macho. Hapa Lamu RAM huagizwa Mombasa ikapita Mokowe, na kipande kisichofaa kurudi kwake ni safari ile ile. Kwa hiyo andika na `Speed` na aina yake, DDR3 au DDR4, kabla ya kupiga simu. Hazibadilishani nafasi.

## Namba ya Windows uliyonayo sasa

"Nina Windows 10" si jibu la kutosha. Bonyeza kitufe cha Windows na `R`, andika `winver`. Kwa mwalimu ilitokea `Version 21H2 (OS Build 19044...)`, ikifuatwa na nukta na namba nyingine. Namba iliyo kabla ya nukta ndiyo inayosema uko toleo gani. Iliyo baada ya nukta ni ya masasisho ya kila mwezi, na hupanda bila toleo kubadilika. Watu hulinganisha ile ya baada ya nukta na wakajichanganya.

Katika Windows 10, 19041 ni toleo la 2004, na zikafuata 19042, 19043, 19044, hadi 19045 ambayo ni 22H2, la mwisho. Toleo la 2004 halimaanishi mwaka 2004. Ni mwaka 2020, mwezi wa nne. Ili upande kwenda Windows 11 kwa njia ya Windows Update unatakiwa uwe angalau kwenye hilo la 2004. Leptopu ambazo zimewekwa kwenye hali ya kubana data kwa miaka huwa zimebaki nyuma, na nimekuta zenye 18363, ambayo ni 1909. Hizo zitangoja ofa ya Windows 11 ambayo haitakuja.

Kwa Windows 11, namba ni 22000 kwa toleo la kwanza, 22621 kwa 22H2, 22631 kwa 23H2 na 26100 kwa 24H2. Na hapa pana jambo linalowapotosha hata mafundi: ukiandika `ver` kwenye Command Prompt ya Windows 11, itaanza na `10.0`. Si kosa, wala hujauziwa Windows 10. Tazama namba ya tatu. Ikiwa ni 22000 au zaidi, hiyo ni Windows 11.

## Nafasi kwenye diski

Sharti la GB 64 linahusu ukubwa wa diski, si nafasi iliyo wazi. Mtu mwenye diski ya GB 128 anatimiza sharti hata kama amebakiwa na GB 3, na usakinishaji utakwama vile vile. Kwa hiyo hapa kuna hesabu mbili.

Kwanza, usiogope ukiona diski ya GB 128 inasomeka 119. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja. Windows inahesabu baiti 1,073,741,824 na bado inaandika GB. Gawanya uone. Kwa hesabu hiyo hiyo diski ya GB 64 husomeka kama 59 na ushei, na inakubalika.

Pili, nafasi iliyo wazi kwenye `C:`, si kwenye `D:`. Jumlisha faili la ISO lenyewe, zaidi ya GB 5 kama umelihifadhi humo. Ongeza mafaili yatakayofunguliwa wakati wa kusakinisha. Ongeza Windows ya zamani, ambayo haifutwi papo hapo bali huwekwa kwenye folda ya `Windows.old` kwa siku 10 ili uweze kurudi. Kipimo changu mwenyewe ni GB 30 zilizo wazi mbali na ISO. Chini ya hapo mimi sianzi. Mwalimu alikuwa na GB 21, na ndani ya `Downloads` mlikuwa na ISO mbili zinazofanana.

Kama utapakulia kwenye flashi, angalia jambo moja zaidi. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, `Properties`, usome `File system`. Flashi nyingi huja na `FAT32`, ambayo haiwezi kubeba faili moja linalofika GB 4 hata kama flashi yenyewe ni ya GB 64. Utaambiwa faili ni kubwa mno, nawe unaona nafasi ipo tele. Ibadilishe kuwa `exFAT` au `NTFS` kabla, ukijua kwamba kubadilisha kunafuta kilichomo.

## Karatasi ya mwalimu ilivyotoka

Tulipomaliza, dakika kama kumi na tano hivi, safu zake zilisomeka hivi. Viini 2, vinatosha. SSE4.2 na POPCNT, zipo. TPM 2.0, ipo. `UEFI`, ndiyo. RAM GB 8, inatosha. Toleo 19044, linatosha. Nafasi GB 21, haitoshi lakini inarekebishika. Prosesa kwenye orodha: haimo, na haibadiliki. Mstari mmoja kati ya yote, na ndio uliokula bando za usiku tatu na nyingine juu yake.

Kuna programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, ambayo ingemwambia jambo hilo bila karatasi, na ni ndogo sana ukiilinganisha na ISO. Huwa naiendesha mwishoni, kuhakikisha sikukosea. Ila inakupa ndiyo au hapana kwa Windows 11 peke yake, na haikuambii RAM yako itakuchosha kiasi gani wala `C:` itajaa lini.

"Kwa hiyo ni kuitupa?" mwalimu akauliza.

Hapana. Windows 10 ina mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watu binafsi, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Kujiunga kunawezekana bila malipo kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe humo. Lakini mpango huo nao una sharti lake la namba: lazima uwe kwenye 22H2, yaani 19045. Yeye alikuwa 19044. Bahati ni kwamba matoleo hayo mawili yana msingi mmoja, na kutoka moja kwenda jingine ni kifurushi kidogo tu, mradi masasisho ya kila mwezi yamekwishaingia. Tulifuta ISO zote mbili, tukazima ule ubanaji wa data, tukaiacha ijisasishe kwa intaneti ya dukani wakati yeye ameenda kuswali adhuhuri pale Riyadha. Aliporudi, `winver` ilisomeka 19045, na kiungo cha kujiunga kilikuwa kimejitokeza kwenye ukurasa wa Windows Update.

Kabla hajaondoka alimpigia simu mdogo wake aliyeko Mombasa, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa akienda kumnunulia dada yao leptopu iliyotumika. Nikamsikia akimwambia: "Usinitumie picha ya kibandiko. Mwambie muuzaji aiwashe, abonyeze Control, Shift na Escape, unipigie picha pale penye jina la prosesa na pale penye RAM. Kisha `winver`. Usilipe mpaka nikujibu."

Picha ya kwanza ilifika akiwa bado kwenye ngazi za gati akingoja boti ya Shela, naye akanitumia. Ilikuwa i7-6600U. Nikamwandikia amwambie mdogo wake aulize yenye 8350U.